Meseji za benki na stetimenti: somo la dakika 10 nililowapa akina mama wa kikoba. Nikosoeni

Karani wa Dirishani

Wakuu, salaam.

Niko huduma kwa wateja kwenye tawi la benki moja hapa Morogoro. Jumamosi iliyopita nilialikwa kwenye kikao cha kikoba, akina mama kama 30, nikapewa dakika 10 kabla hawajafungua kisanduku. Mada ilikuwa kulinganisha meseji za miamala na stetimenti kila mwisho wa mwezi. Naweka hapa nilivyosema kwa sababu nina vikundi vingine viwili wiki ijayo. Penye kasoro semeni, msinionee haya.

Nilianza kwa kuuliza nani anasoma meseji ya benki ikiingia. Mikono yote juu. Nikauliza nani anaisoma mpaka mwisho, wakaanza kuangaliana na kucheka. Wengi wanatazama kiasi kilichoingia au kutoka, basi, simu inarudi kwenye kanga. Ile namba ya mwisho, salio, wanaipita. Nikawaambia leo tunasoma hiyo tu.

Nikabandika karatasi ya manila ukutani. Ni meseji za Septemba za mteja mmoja, tarakimu nimezibadilisha asitambulike. Mwezi ulianza akiwa na 842,500.

```
03/09  Umeweka       300,000   Salio 1,142,500
05/09  Umetoa        200,000   Salio   941,000
09/09  Umetuma       150,000   Salio   788,000
14/09  Umeweka       250,000   Salio   993,000
20/09  Umetoa        100,000   Salio   891,500
23/09  Umerudishiwa  100,000   Salio   991,500
```

Tukaenda mstari kwa mstari. Kila salio linazaliwa na salio lililotangulia. 842,500 ukiongeza 300,000 unapata 1,142,500, sawa. Hapo ukitoa 200,000 ungebaki na 942,500, lakini meseji inasema 941,000. Wapi 1,500? Mama mmoja nyuma akajibu kabla sijamaliza: "Makato ya mashine!" Sawa kabisa. Tarehe 9 hivyo hivyo, 150,000 na makato 3,000, inabaki 788,000.

Tulipofika tarehe 14 nikanyamaza. Ameweka 250,000 juu ya 788,000. Anatakiwa awe na ngapi? Wakapiga hesabu kwa vidole, kwa simu, kwa mdomo: 1,038,000. Meseji inasema 993,000. Pamepungua 45,000, na kuweka pesa hakuna makato kwenye akaunti ile. Maana yake kati ya tarehe 9 na tarehe 14 kuna pesa imetoka na meseji yake haipo kwenye simu.

Hapo ndipo nikatoa stetimenti. Nikawaambia hivi: mwisho wa mwezi, kalamu iko mkononi, stetimenti iko mezani. Anza na stetimenti. Soma mstari wa kwanza, tafuta meseji yake kwenye simu, ukiiona weka alama ya vema. Nenda wa pili. Usianze na simu, kwa sababu kilichopo kwenye simu tayari unakijua. Ukianzia huko utaweka vema zako zote sita, utafurahi, utalala, na ule mstari usio na meseji utabaki pale pale kwenye karatasi bila kuguswa na jicho.

Kwenye stetimenti ya yule mteja ilibaki mistari mitatu bila vema. Mmoja wa 3,500 tarehe 30, makato ya mwezi ya kuendesha akaunti, ambayo kwetu hayaji na meseji. Mwingine wa 43,000 tarehe 12, umeandikwa kutoa pesa kwa wakala. Na chini yake 2,000, makato ya kutoa huko. Jumla 45,000, lile pengo letu. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaitafuta 45,000 nyumbani kwa muda mrefu na hakuiona popote, kwa sababu kwenye stetimenti haipo kama 45,000. Imepasuliwa vipande viwili.

Nikamalizia na kuwahimiza wasifute meseji kabla mwezi haujalinganishwa. Kama simu inajaa, waandike kwenye daftari vitu vitatu tu: tarehe, kiasi, salio. Dakika zangu zikaisha, kisanduku kikafunguliwa.

Haya, nikosoeni.

---

Mzee wa Kihonda

Ungekuja na kwetu. Sisi katibu wetu akipata meseji ya benki anaisomea kikao kwa sauti kama tangazo la msiba.

---

Tozo Imenichosha

Mkuu somo zuri ila umelizungusha sana. Mimi nina njia fupi kuliko hiyo, naitumia miaka. Mwisho wa mwezi naangalia salio la mwisho kwenye stetimenti, naangalia salio kwenye meseji ya mwisho. Yakilingana nimemaliza. Yasipolingana ndio naanza kuchimba. Ya nini kuweka vema arobaini?

---

Karani wa Dirishani

@Tozo Imenichosha ukifanya hivyo utagundua kitu kimoja: makato yaliyoingia baada ya meseji yako ya mwisho. Kwa mteja wangu, meseji ya mwisho ilisema 991,500 na stetimenti ikafunga 988,000, tofauti 3,500, makato ya mwezi. Ungechimba, ungeyaona, ungeridhika.

Na ile 45,000? Usingeiona kamwe. Salio linaloandikwa kwenye meseji na salio la kwenye stetimenti yanachotwa kwenye kisima kimoja. Pesa ikishatolewa tarehe 12, kila meseji ya baada ya hapo inakuja na salio lililokwisha kupungua. Meseji ya tarehe 14 haijui kwamba umeibiwa. Kwa hiyo miisho italingana hata kama katikati kuna shimo.

---

Tozo Imenichosha

Duh. Ngoja kwanza.

Nimerudi. Nimepitia mwezi uliopita kwa njia yako. Nina pengo la 12,000 kati ya tarehe 6 na 8. Sijapata stetimenti bado. Naomba iwe mimi mwenyewe nimesahau.

---

Rukia Dukani

Mimi yalinikuta hayo hayo. Mteja kaja dukani jioni watu wamejaa, kachukua mchele na mafuta ya 86,000, akasema anatuma benki. Meseji ikaingia kweli, "umepokea 86,000", nikamfungia mzigo. Asubuhi naenda benki, hakuna kitu. Nikamwambia yule dada wa dirishani meseji hii hapa, akaniambia hii si yetu. Sasa mwisho wa mwezi stetimenti ingenisaidia nini wakati mchele umeshaliwa?

---

Karani wa Dirishani

Pole sana dada Rukia. Hilo lako ni jambo la upande wa pili: meseji ipo, stetimenti haina. Mwisho wa mwezi ni kuchelewa, hapo unatakiwa kuangalia salio kwenye akaunti yenyewe kabla mzigo haujatoka, kwa menyu ya benki au programu yao.

Ila hebu fungua ile meseji kama bado unayo. Iliandika salio? Kama iliandika, chukua salio la meseji halali iliyotangulia, ongeza 86,000. Inafika?

---

Rukia Dukani

Nimeifungua. Salio imeandika 211,400. Kabla yake nilikuwa na 640,000 na kitu. Yesu wangu, nilikuwa nayo mkononi muda wote.

---

Mhasibu Mchovu

Mtungaji wa meseji ya uongo anaweza kuiga maneno ya benki, mpangilio, hata makosa yake ya herufi. Salio lako la jana halijui, labda awe mtu anayeshika simu yako. Anabahatisha namba tu. Kwa hiyo hesabu ya mwenye uzi inafanya kazi mbili, na kwa mwenye duka hii ya pili ndiyo ya haraka. Unahitaji kukumbuka namba moja tu, salio lako la mwisho.

Dada Rukia, namba iliyotuma ile meseji iripoti kwa kuituma kwenda 15040. Mchele haurudi, lakini laini inaweza kufungiwa.

Sasa nirudi kwa mwenye uzi, kwa sababu ameomba kukosolewa na naona watu wanampongeza tu. Nimefanya ulinganisho wa akaunti za kampuni miaka mingi. Kuna mambo kwenye karatasi yako ya manila umeyapita.

La kwanza, tarehe 20 na 23. Mteja alienda mashine, pesa haikutoka, akaunti ikakatwa, siku tatu baadaye akarudishiwa. Sivyo? Sasa piga hesabu yako mwenyewe. 993,000 ilishuka mpaka 891,500, yaani zilikatwa 101,500. Zimerudi 100,000. Ile 1,500 iko wapi? Alilipishwa gharama ya kutoa pesa ambayo hakuitoa. Mnyororo wako hauna pengo hapo, kila salio limefuata lililotangulia vizuri kabisa, na kwenye stetimenti kila mstari ungepata vema. Lakini mteja ameliwa.

---

Karani wa Dirishani

@Mhasibu Mchovu nimeisoma mara tatu nikiwa kwenye daladala. Hiyo manila nimeibeba vikao vinne sasa. Hakuna aliyeona, na mimi sikuiona.

Kesho naingia kwenye mfumo kuona kama kweli haikurudi baadaye.

---

Mhasibu Mchovu

Usijilaumu, hiyo ndiyo inayompita kila mtu, kwa sababu jicho linatafuta kisichokuwepo na hapa kila kitu kipo. Kwa hiyo ukiona marejesho kwenye stetimenti, rudi juu mpaka kwenye mkato wake wa asili, uhesabu mistari. Kama vilitoka vitu viwili, kiasi na gharama, lazima virudi viwili. Benki nyingine zinaipasua gharama yenyewe, unakuta gharama mstari wake, VAT mstari wake, ushuru wa bidhaa mstari wake. Basi virudi vyote.

La pili, tarehe. Waambie akina mama stetimenti nyingi zina safu mbili za tarehe. Moja ni siku muamala ulipofanyika, nyingine ni siku ulipoanza kuhesabiwa kwenye akaunti. Muamala wa Jumamosi usiku wa tarehe 30 unaweza kuingizwa mwezi unaofuata. Meseji anayo ya Septemba, stetimenti ya Septemba haina. Asikimbilie kugombana na mtu dirishani. Aizungushie duara, aisubiri kwenye stetimenti ya Oktoba, na siku akilinganisha Oktoba aanze na hayo maduara.

---

Kilonzo wa Machakos

Habari za huko ndugu zangu. Huku Kenya mimi hufanya hivi na Mpesa, si benki. Statement naitoa kwa *334#, inakuja kwa barua pepe ikiwa imefungwa, unaifungua na namba wanayokutumia. Uzuri wa Mpesa ni ile code ya herufi na tarakimu kumi mwanzoni mwa kila meseji. Hiyo code ndiyo iko kwa statement pia, na ile ada ya kutuma inakaa kwa mstari wake lakini chini ya code hiyo hiyo. Kwa hivyo mimi silinganishi pesa, nalinganisha code. Huwezi kuchanganya.

Lakini hesabu ya salio ilinitesa mwanzoni, kwa sababu ya mkopo wa Fuliza. Unatumiwa 2,000, unaona salio limepanda kidogo tu, unadhani umeibiwa, kumbe deni limejikata lenyewe pesa ilipoingia.

Meseji za benki za huko kwenu hazina code?

---

Karani wa Dirishani

Zetu nyingi zina namba ya kumbukumbu, ndugu Kilonzo, ila kwenye benki kadhaa namba ya kwenye meseji na ya kwenye stetimenti hazifanani, kwa sababu ya kwanza inatolewa na mtambo wa simu au wa wakala na ya pili na mfumo wa akaunti. Ndiyo maana nafundisha kwa kiasi na salio. Penye code inayofanana, njia yako ni bora.

---

Tozo Imenichosha

Mimi nina dukuduku. Kwa nini mteja ndiye afanye kazi hii? Wana mitambo, wana wakaguzi, wana mpaka walinzi wenye bunduki. Halafu nikitaka stetimenti tawini nalipia kila ukurasa. Meseji yenyewe nalipia. Yaani nanunua ushahidi wa kuthibitisha kwamba wao hawajakosea.

---

Mzee wa Kihonda

Hapo umenena.

---

Mhasibu Mchovu

Mtambo hauwezi kujua kama 43,000 ya kwa wakala ulikwenda wewe au mwingine. Namba ya siri imeingizwa sahihi, kwake limekwisha. Hilo ni wewe tu unalijua.

Kuhusu kulipia, wengi sasa wanaitoa kwenye programu ya simu bila malipo, au wanakutumia kwa barua pepe ukijiandikisha. Ila kwamba makato ya mwezi hayaletewi meseji, hapo nakubaliana nawe, sioni sababu.

---

Karani wa Dirishani

Mimi ni mwajiriwa, kwenye hilo la makato nitakaa kimya.

---

Shemeji wa Maskati

Assalaam alaykum. Niko Oman, nina kadi ya benki ya nyumbani Tanzania. Nikinunua kitu hapa, meseji inakuja papo hapo na shilingi zake. Baada ya siku mbili tatu nikifungua stetimenti, kiasi ni kingine, kimezidi au kimepungua kidogo. Na kuna siku nilikaa hoteli, meseji ikasema imekatwa, stetimenti haikuonyesha kabisa. Mnyororo wenu kwangu haukai.

---

Mhasibu Mchovu

Waalaykum salaam. Kwa kadi nje ya nchi hautakaa, na usijilazimishe. Ile meseji ya papo hapo ni ya kuzuia pesa, haijakatwa bado. Mfanyabiashara anakuja kudai rasmi siku kadhaa baadaye, na shilingi zinahesabiwa kwa bei ya ubadilishaji ya siku ya kudai. Hoteli walizuia dhamana, ukaondoka, wakaachia, hakuna kilichodaiwa. Kwako linganisha jina la duka na kiasi cha fedha za huko, riali kwa riali. Shilingi zikicheza kidogo ni sawa. Kinachotakiwa kukushtua ni duka moja kudai mara mbili, au jina ambalo hukulikanyaga. Ukiliona hilo, funga kadi kwanza, maswali baadaye.

---

Mama Sele wa Mafiga

Samahani nauliza la pembeni. Huyo mama wa 43,000, benki haikumtumia meseji? Kwa nini zingine sita zilifika na hiyo moja isifike? Maana mkisema mtandao, mtandao gani huo unachagua.

---

Karani wa Dirishani

Mama Sele, hilo ndilo swali ambalo kwenye kikao sikulijibu makusudi, kwa sababu naye alikuwa amekaa mle ndani.

Meseji inaweza isifike kwa sababu kadhaa. Mtu kabadilisha laini na namba ya zamani ndiyo iko benki. Au akaunti imewekewa kiwango, chini ya hapo meseji haitumwi. Au simu ilizimwa siku nzima. Kwake hakuna hata moja. Alipokuja na hesabu yake tulifungua kumbukumbu ya meseji zilizotumwa, na mteja yeyote ana haki ya kuiomba akiwa na malalamiko. Ilionyesha tarehe 12 saa mbili kasoro usiku meseji imetumwa na imepokelewa kwenye simu yake. Na huo muamala wa wakala ulitaka simu hiyo hiyo na namba ya siri.

---

Mama Sele wa Mafiga

Kwa hiyo ilifutwa.

---

Karani wa Dirishani

Iliingia kwenye simu. Kwenye simu haipo.

---

Tozo Imenichosha

Mtoto. Au mjukuu. Hapo hakuna mjadala.

---

Mama Sele wa Mafiga

Usiseme hivyo, humjui. Kuna mawakala wanakuingizia namba ya siri wao wenyewe, wazee wengi wanaitaja kwa sauti pale kibandani na foleni yote inasikia. Kisha simu unamwachia "nisaidie mwanangu". Mimi mwenyewe nimefanya.

---

Mhasibu Mchovu

Kwa karatasi peke yake huwezi kuamua. Stetimenti inakuambia saa na aina ya muamala, wakati mwingine namba ya wakala, na wakala anajulikana alipo. Akitaka kuendelea, aandike malalamiko benki kwa barua, apewe namba ya malalamiko, wakala aulizwe. Asiporidhika na majibu ya benki, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja. Lakini aanze kwa benki yake, huko juu watamuuliza barua hiyo iko wapi.

---

Karani wa Dirishani

Hakuandika barua. Aliniuliza saa mbili kasoro usiku tarehe 12 ilikuwa siku gani ya wiki. Nikamwambia. Akakaa kimya kidogo, akaomba kubadilisha namba ya siri pale pale, akaenda zake.

Na ile 1,500 nimeiangalia leo. Haikurudi. Nimejaza fomu ya kumrudishia. Nikiwa hapo nimeangalia marejesho mengine manne ya mashine hiyo hiyo ya wiki ile. Mawili gharama imerudi, mawili haijarudi. Sijui kwa nini, nimewapelekea makao makuu.

---

Rukia Dukani

Karani, wiki ijayo unakwenda kikundi gani? Na je, kwa sisi wenye miamala 60 kwa siku dukani, tunaandika salio kila meseji au jioni tu?

---

Tozo Imenichosha

Nimepata stetimenti. Zile 12,000 ni king'amuzi, nilijilipia mwenyewe nikasahau. Ila kuna marejesho ya mwezi wa saba hapa, naona yamerudi pungufu.